Hesabu maganda kabla hujatafuta mtaalamu

"Wakuu, ripoti ya maabara inasema ganda la risasi la eneo la tukio limetoka kwenye SMG waliyomkamata nayo kaka yangu huku Kasulu. Tunataka mtaalamu wetu aipinge. Anapatikana wapi, na mahakama itamkubali?"

Mdogo wangu, rudisha hizo hela mfukoni. Sisi tuliuza shamba kwa kesi ya shemeji yangu. Kuna mjuaji mmoja, suti safi, maneno matamu, alituambia mtaalamu mstaafu ataisambaratisha ripoti yote. Hela ile ingenunua mtumbwi na nyavu, saa hizi ningekuwa navua migebuka, siyo kubishana na nyinyi humu.

Maabara hawakukosea. Wanafyatua bunduki kwenye tangi la maji, wanachukua ganda la majaribio na lile la eneo la tukio, wanayaweka pamoja chini ya darubini ya kulinganisha. Wanaangalia kitako: shimo la pini na mikwaruzo iliyoachwa na chuma cha nyuma ya chemba. Kipenyo cha 7.62 peke yake si kitu, SMG nyingi ni hicho hicho. Mikwaruzo ndiyo inayobeba kesi, na kusema inafanana kiasi cha kutosha ni uamuzi wa jicho la mtu. Mtaalamu wetu akaliangalia lile ganda, akakubali linafanana. Tukamlipa kwa kutuumiza!

Sasa sikia kilichotuua. Mchoro wa eneo la tukio ulionyesha maganda 2. Maabara walipokea 3. Mawili majibu yake yalikuwa "haikuwezekana kuamua". Lililolingana ni moja. Je, ndilo lile lililoongezeka? Bunduki ilikaa kituoni kabla ya kusafirishwa Dar, bahasha haina lakiri, ganda halina alama ya aliyeliokota. Mtu akiijaribu bunduki pale kituoni, ganda lake litalingana na bunduki hiyo vizuri kabisa, na halitakuwa limefika kwenye tukio hata siku moja. Darubini haiwezi kukuambia limeokotwa wapi.

Na sisi? Kielelezo kilipotolewa, wakili akasimama: "Hatuna pingamizi." Yule mjuaji alishamwambia mtaalamu atamaliza kila kitu. Tumelileta kwenye rufaa, tunaulizwa mlikuwa wapi.

Kwa hiyo chukua hati ya ukamataji, mchoro, fomu ya kupeleka maabara na ripoti, uvitandaze mezani. Hesabu maganda kwenye kila karatasi. Angalia nani alimkabidhi nani na tarehe ipi. Mahakama ya Rufani ilishaeleza mnyororo huo wa makabidhiano kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, mpe wakili wako aisome. Maswali makali muulize askari aliyeokota, siyo wa maabara.

Ingekuwa gobore ningekwambia mengine, mtutu wake hauna mifereji ya kuandika chochote kwenye goroli. Ila hiyo ni SMG. Maganda mangapi yapo kwenye mchoro wenu?