Maswali na majibu: anakula keki, yai linamdhuru

Mwanangu wa miaka 3 anakula keki bila shida, lakini juzi nilimpa yai la kukaanga midomo ikavimba. Je, mzio umerudi?

Haujarudi, kwa sababu haukuwa umeondoka. Mzio huu husababishwa hasa na protini za ute mweupe. Iliyo nyingi zaidi, ovalbumini, hupoteza umbo lake kwa joto, na kingamwili za mtoto zikashindwa kuitambua. Nyingine, ovomukoidi, huvumilia joto, lakini ikiokwa pamoja na unga wa ngano hunaswa na protini za unga huo, kiasi kwamba mwili hukutana na sehemu ndogo tu. Yai la kukaanga halina unga na hukaa motoni dakika chache. Tena keki ya mayai 2 ikikatwa vipande 10, kila kipande kina moja ya tano ya yai, ilhali wewe ulimpa zima. Asiguse tena yai la namna hiyo hadi daktari amwone, na umuulize kuhusu keki aliyoizoea, ambayo kwa kawaida haina sababu ya kukatizwa.

Huu mzio huisha?

Kwa watoto wengi huisha, mara nyingi kabla ya ujana. Wanaostahimili yai lililookwa mapema kwa kawaida hupona mapema zaidi, ilhali wenye kingamwili nyingi dhidi ya ovomukoidi huchelewa.

Nikimpa kiini peke yake, je?

Swali hili huletwa kila mara, na jibu halibadiliki: usimpe, kwa sababu kiini hakitenganishwi na ute kikabaki safi, na chenyewe kina protini zake za mzio.

Naweza kumjaribu kwa keki nyumbani?

Kama aliwahi kukosa pumzi, kulegea au kuzirai, au ana pumu isiyodhibitiwa, jaribio lifanyike hospitalini, penye adrenalini na watu wanaojua kuitumia. Aliyepata vipele vichache tu, daktari anaweza kumruhusu aanzie nyumbani, kwa punje ya keki inayoongezwa polepole. Ruhusa hiyo itangulie. Ushauri wa jirani hautoshi.

Wanaojaribu hukosea zaidi katika uokaji. Keki ndogo ya unga wa ngano huhitaji takribani dakika 20 hadi 30 katika nyuzi 180 za Selsiasi. Ivunje katikati: ikiwa na unyevu wa kunata, hiyo si keki iliyookwa kwa maana tunayoizungumzia, hata kama juu imekuwa kahawia. Chapati za maji hazihesabiki, na urembo wa keki uliotengenezwa kwa ute mbichi huharibu kila kitu, kama mayonezi inavyoharibu mkate salama.

Chanjo ya surua ina yai, nimwache bila?

Hapana, apewe, kwani haina protini ya yai ya kutosha kumdhuru. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo ya kumtajia daktari kwanza.