Livingstone alifia wapi? Usianzie kaburini

Nimekuwa nikiwapeleka wageni na wanafunzi Bagamoyo kwa muda mrefu, na swali linalonijia kila mara kuhusu David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti wa karne ya 19, ni hili: "Kwa hiyo Livingstone alifia hapa?" Wengine wanaamini ni Ujiji, kwa sababu ndipo mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta, alipomkuta mwaka 1871. Wengine wanataja London, kwa sababu kaburi lake liko Westminster Abbey. Hakuna hata pahali pamoja kati ya hapo alipofia. Ukitaka kujua mtu wa kale alifia wapi, ushauri wangu ni uanze na siku zake za mwisho akiwa hai, kisha uufuate mwili. Ukianza na kaburi utapotea.

Anza na maandishi ya mwisho ya mhusika. Livingstone aliandika kwa mara ya mwisho kwenye daftari lake tarehe 27 Aprili 1873. Alikuwa hoi, amewatuma watu wakamnunulie mbuzi wa maziwa, na akataja kwamba wako ukingoni mwa mto Molilamo. Mto huo uko kusini mwa ziwa Bangweulu, ndani ya Zambia ya leo. Baada ya hapo hakuandika tena. Alibebwa kwa machela hadi kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Ilala, na humo, ndani ya kibanda alichojengewa, wakamkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, amefariki.

Kisha uliza ni nani waliokuwepo. Waliokuwepo ni watu wa msafara wake: Chuma, Susi, kijana Majwara aliyekuwa akimwangalia usiku ule, Farijala, Jacob Wainwright na wenzao. Nawaamini kuliko ubao wowote wa makumbusho, maana wao ndio walioushika mwili. Walijenga boma nje ya kijiji na kuupeleka mwili huko. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mwingine huko Unguja, akaupasua na kutoa moyo na matumbo, na ndani yake wakaona bonge kubwa la damu iliyoganda. Sehemu hizo walizifukia chini ya mti, ndani ya kopo la bati, Wainwright akasoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili uliobaki waliutia chumvi wakauanika juani kwa siku kumi na nne.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Mnara wa ukumbusho uliopo huko leo umesimama pale ulipokuwa ule mti, yaani pale moyo ulipozikwa. Kibanda alichofia kilikuwa karibu, lakini si palepale. Mti wenyewe ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kwa hiyo ukiandika kwamba mnara unaonyesha mahali pa moyo wake, uko sahihi. Ukiandika kwamba alifia chini ya ule mti, umepitiliza.

Safari iliyofuata ni ndefu. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Mbele kidogo, wakihofia wenyeji kuzuia maiti isipite, walitengeneza furushi la uongo wakalirudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika, huku mwili wenyewe ukiendelea umefungwa kama mzigo wa kawaida. Mtu akikuonyesha "kaburi" njiani humo, kumbuka hilo furushi.

Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo, ukalala katika misheni ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa Unguja na kupakiwa melini. Ule mnara tunaosimama mbele yake tukipiga picha ni wa kanisa la zamani la misheni hiyo, na umepewa jina la Livingstone kwa sababu ya usiku huo. Uingereza waliutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliowahi kuvunjwa na simba, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster. Jiwe la kaburi lenyewe linasema alifia kijiji cha Chitambo, Ulala. Wanaodai London hawakulisoma.

Tarehe nayo ina mgongano. Jiwe linasema 1 Mei 1873, mti ulichongwa 4 Mei. Usichague moja kimyakimya: andika zote mbili na useme kila moja imetoka wapi. Vivyo hivyo kwa jina la mahali. Ilala na Ulala ni nchi ileile iliyosikika tofauti masikioni mwa waandishi. Na Zambia haikuwepo mwaka 1873, basi andika "kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo", usiandike "alifia Zambia" pekee.

Kwa picha ya Bagamoyo, maelezo yanayotosha ni haya: "Mahali mwili wa Livingstone ulipolala Februari 1874, baada ya kubebwa kutoka Chitambo na watu wa msafara wake."