Kiwanja chenye hati kando ya ziwa: nilivyohakiki karatasi, mipaka na muuzaji

"Wakuu, nimepata kiwanja Kayenze, karibu kabisa na ziwa. Muuzaji anayo hati mkononi na dalali anasema nikichelewa kinaondoka wiki hii. Kabla sijalipa nihakiki nini?"

Ndugu, nilinunua kiwanja chenye hati upande wa Luchelele mwaka 2021, nami pia nilikuwa na dalali aliyenihimiza kila siku. Nakueleza nilivyofanya kwa sababu karatasi zote zilikuwa halali, muuzaji alikuwa mmiliki wa kweli, na bado nilibakiza kidogo tu nilipie ardhi isiyokuwa yake.

Nilianza na hati. Usiridhike na nakala wala picha uliyotumiwa kwenye simu; omba kuiona hati yenyewe, kisha andika namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, ukaombe upekuzi kwa Msajili wa Hati pale Mwanza. Hapo hutegemei tena maneno ya muuzaji, kwa kuwa majibu yanatoka kwenye daftari la serikali: jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa miliki, na kama kuna rehani ya benki, zuio au amri ya mahakama. Peleka ombi hilo wewe mwenyewe au wakili wako, wala usikubali majibu ya upekuzi uliofanywa na dalali. Mimi niliurudia siku chache kabla ya malipo ya mwisho, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa wakati wowote, na karatasi ya mwezi uliopita inaeleza hali ya mwezi uliopita tu.

Upekuzi wangu ulikuja safi. Tatizo lilikuwa ardhini.

Muuzaji alinitembeza kiwanjani akanionyesha bikoni nne, akasema eneo ni kama mita za mraba elfu moja, na bei yake ilikuwa shilingi 18,000 kwa kila mita ya mraba. Nilikuwa na utepe wa kupimia, nikapima pande zote mbili mbele yake: upana mita 28, urefu mita 36, yaani mita za mraba 1,008. Nilipofungua ramani iliyoambatishwa kwenye hati usiku ule, nikaona imeandikwa mita za mraba 812, na urefu wa ubavu ni mita 29. Mita saba zilikuwa zimeongezeka, na zote zilikuwa upande wa chini, unakoelekea ziwani.

Kesho yake nilirudi peke yangu kuzikagua zile bikoni kwa karibu. Bikoni ya upimaji huwa ni nondo iliyosimikwa kwenye zege, na namba yake unaweza kuilinganisha na iliyoandikwa kwenye ramani. Mbili za juu zilikuwa na zege lililopauka na kuota ukungu, namba zikisomeka ukizisugua kwa maji. Mbili za chini zilikuwa na saruji ya kijivu iliyo safi, hazina namba, na udongo ulioizunguka moja wapo ulizama nilipoukanyaga.

Sikubishana na mtu. Nilimtafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, niliyemchagua na kumlipa mwenyewe, akachukua viwianishi vya kiwanja kutoka kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Jambo lililonifundisha zaidi ni kwamba hakuanzia kwenye kiwanja chenyewe. Alianzia kwenye bikoni za viwanja vya jirani ndani ya kitalu kilekile, akahakikisha zinakubaliana na ramani, ndipo akaja kwetu. Aliniambia kwamba kama bikoni zote nne zimehamishwa kwa pamoja, kiwanja kinaweza kuwa na vipimo sahihi kabisa na bado kikawa kimekaa mahali pasipo pake. Alipofika kwenye sehemu ya kona ya chini alichomeka kigingi kwenye kichaka, mita saba juu ya bikoni mpya, akamwambia kijana wake achimbe. Chini ya mchanga na mizizi, karibu kiganja kimoja na nusu, jembe liligonga zege. Namba ilikuwa ileile ya kwenye ramani.

Usijaribu kufanya kazi hiyo kwa simu. GPS ya simu hukosea mita kadhaa hata mahali pa wazi, kwa hiyo mita saba zangu zingeweza kupotea humohumo.

Kwa wewe unayenunua karibu na ziwa, lipo jambo jingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, na zile mita saba nilizoonyeshwa zilikuwa zimeingia ndani ya ukanda huo. Ningelipia takriban milioni 18, nikajenga uzio hadi kwenye bikoni mpya, kisha siku moja ningeamriwa kuuvunja. Waulize pia wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2020, ziwa lilipopanda. Mimi nilionyeshwa mstari wa takataka kavu na magugumaji kwenye shina la mwembe.

Nilimwita muuzaji aone kile kigingi. Alisema bikoni za chini ziliwekwa na mtu aliyekuwa akimtunzia eneo, na sina uthibitisho wa kusema vinginevyo. Tulikubaliana bei ya mita 812, ambayo ni shilingi 14,616,000.

Akabaki yeye mwenyewe. Nililinganisha jina la kwenye hati na kitambulisho chake cha taifa, herufi kwa herufi. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikipingana na tarehe iliyo kwenye kitambulisho hichohicho, simama hapo. Niliwauliza pia majirani wawili, bila muuzaji wala dalali kuwapo, ni nani wanayemfahamu kuwa mwenye kiwanja. Mama mmoja akajibu, "Ni cha baba fulani na mkewe, yule mama ndiye alikuwa analima mihogo hapa."

Muuzaji hakuwa amemtaja mke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inamtaka mnunuzi aulize kama mwenza ameridhia, na mwenza aliyefichwa anaweza kwenda kuomba mauzo yabatilishwe. Nilisema wazi kwamba silipi hadi mama huyo asaini ridhaa mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho chake. Ilichukua siku tisa kumleta kutoka Sengerema, na dalali alikasirika sana. Kama muuzaji angedai hana mwenza, ningemtaka aape kiapo cha maandishi. Na kama jina la kwenye hati ni la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala kikao cha ukoo peke yake.

Malipo niliyapeleka kwenye akaunti ya benki yenye jina lilelile la kwenye hati. Muuzaji aliomba nitume kwenye simu ya mdogo wake, nikakataa. Sehemu ya mwisho ya fedha wakili aliishikilia hadi nyaraka za uhamisho zilipokamilika kusainiwa na kupokelewa ofisi ya ardhi.

Haya yote yanahusu kiwanja kilichopimwa chenye hati. Ukikuta eneo halijapimwa na mipaka yake ni minyaa na mawe, utaratibu ni mwingine: ofisi ya mtaa, na majirani wa pande zote wakisimama mpakani na kusaini. Lakini wewe umeambiwa hati ipo, basi anza na upekuzi kesho asubuhi, na uende Kayenze na utepe wako.