Usichague kasi ya kufifia kwa mechi ambayo tayari imo ndani ya fomu

"Nimetengeneza jedwali la fomu ya timu kwa tofauti ya mabao. Nikipunguza uzito kwa 0.7 kila mechi, makosa ni madogo kuliko kwa 0.95. Niendelee na 0.7?"

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Angalia kwanza mstari unaolinganisha na matokeo, kwa sababu kila dalili inaonyesha kwamba fomu unayoitumia imekwisha kuyameza matokeo yale yale unayotaka kuyabashiri. Kwa mpangilio huo namba ndogo hupendelewa daima, kwa kuwa ndiyo inayoipa mechi ya mwisho uzito mkubwa zaidi.

Chukua timu iliyopata tofauti ya mabao 0, 1, 0 na 1 katika mechi nne, kisha ikashinda ya tano 4 kwa 0. Kwa 0.7, mechi ya karibuni ina uzito wa 1, iliyoitangulia 0.7, ya nyuma yake 0.49, na kuendelea. Unazidisha kila tofauti kwa uzito wake, unajumlisha, kisha unagawanya kwa jumla ya uzito wote. Ukiiingiza mechi ya tano, fomu ni 1.82 kwa 0.7 na 1.28 kwa 0.95, na 0.7 inaonekana kuikaribia ile 4. Ukipiga hesabu kabla ya mpira kuanza, unapata 0.59 na 0.51. Ubora wote uliokuvutia umeyeyuka.

Aliyeniuzia mafunzo ya ubashiri alinipa jedwali lenye kasoro hii hii, akaapa kwamba limethibitishwa, nami nikaliwekea fedha. Kutoza watu ada kwa hesabu ambayo haijawahi kupimwa kwa mechi isiyochezwa ni dhuluma, na sitalipunguza neno hilo.

Fomu isomwe kutoka mstari wa mechi iliyotangulia, bila kubadilishwa. Anza baada ya timu kucheza mechi kadhaa, bashiri inayofuata, andika kosa, ndipo uingize matokeo yake na kusonga mbele. Rudia msimu mzima kwa kila namba, kisha chagua yenye jumla ndogo ya makosa. Wanatakwimu Mark Dixon na Stuart Coles, walipochambua soka la Uingereza mwaka 1997, walichagua kasi yao kwa kupima ubashiri wa namna hiyo, na uzito wa mechi ulipungua kwa nusu baada ya takriban mwaka mmoja. Kwa 0.7 yako, nusu inapotea baada ya mechi mbili tu, kiasi kwamba kadi nyekundu moja ya mapema inaweza kuivuruga fomu nzima.

Ukisharekebisha mstari, jaribu pia 0.5 na 0.3. Ikiwa makosa bado yanapungua kila unaposhuka, huenda matokeo yangali yanavuja mahali fulani ndani ya jedwali.