Picha 2,340 za ngurario, na nyanya aliyeponea chupuchupu

Ngurario ya dada yangu, harusi ya kimila ya Wakikuyu, hapa Kasarani iliisha jioni, lakini picha ziliendelea kuingia wiki nzima. Nyingine za kamera ya binamu, nyingine za simu yangu, zilizobaki za kundi la familia la WhatsApp. Nilizimwaga zote kwenye folda moja: 2,340.

Nilifungua Czkawka, programu ya bure ya kompyuta, nikaiagiza itafute picha zinazofanana. Kwa uvivu nikalegeza kipimo ili inase nyingi, kisha nikaweka alama ya kufuta zote isipokuwa moja katika kila kundi. Kabla ya kubofya nikachungulia kundi la picha 14 zilizopigwa mbele ya tenti. Wazee, mashangazi, wajukuu, kila ukoo kwa zamu yake. Picha ya pekee ambamo nyanya amekaa kitini ilikuwa kwenye orodha ya kufutwa.

Programu za aina hii haziangalii nyuso. Mbinu moja ya kawaida hupunguza picha hadi ibaki pikseli 9 kwa 8 za kijivu, kisha hulinganisha kila pikseli na jirani yake, ipi ina mwanga zaidi. Kwa kipimo hicho tenti ni ile ile, na uso wa nyanya haufikii hata pikseli moja. Macho yaliyofumba hayaonekani kabisa.

Kwa hiyo sasa programu naiachia nakala tu. Nakaza kipimo karibu na mwisho, na kinachonaswa huwa ni picha moja iliyosafiri: ile ya kamera, na pacha wake aliyebanwa na WhatsApp, mwenye jina kama IMG-20240817-WA0031.jpg. Nabakisha yenye pikseli nyingi. Usiamue kwa tarehe ya faili, maana pacha huyo huandikwa siku ulipompakua. Na usifute kila yenye WA kwa mkupuo. Picha nyingine za mashangazi hazina asili kwingine.

Picha za mfululizo nazipitia kwa macho, kamera moja kwa wakati, nikizipanga kwa saa ya kupigwa. Wakati wa kukata kiande, ile nyama ya bega la mbuzi, binamu alibonyeza bila kuachia: picha 11 kwa sekunde mbili. Nilikuza uso wa dada nikatupa tano alizofumba macho, kisha nikatazama kisu. Katika mbili tu kilikuwa kimeingia kwenye nyama, na katika moja ya hizo mkono wa mpambe umemziba bwana harusi. Ikabaki moja. Lakini nikaongeza ile ambamo kisu kimegoma na kila mtu anacheka. Hiyo si nakala ya kitu.

Kazi yote naifanya kwenye diski ya nje, si kwenye simu. Ukifuta ndani ya Google Photos, picha iliyohifadhiwa huko inaondoka simuni na mtandaoni pamoja, na hukaa kwenye pipa la taka siku 60 tu.

Zilibaki 612. Nyanya yumo, kafumba jicho moja.