Kipimajoto Chako Kinahisi Joto Sehemu Gani?

Mtu akiniuliza anunue kipimajoto kipi, mimi humuuliza kwanza atakichomeka wapi. Kipimajoto huonyesha joto la sehemu yake inayohisi, baada ya sehemu hiyo kupata joto sawa na kitu kinachopimwa. Kwa hiyo lazima ujue sehemu hiyo iko wapi na ina urefu gani.

Chukua kile cha mshale, chenye uso kama wa saa na mrija wa chuma. Ndani ya mrija kuna utepe wa metali mbili zilizoshikanishwa na kusokotwa kama springi. Zikipashwa joto, moja hutanuka kuliko nyenzake, springi inajisokota na kuzungusha mshale. Wengi hudhani ncha ndiyo inayohisi. Springi huchukua sentimita kadhaa za mrija, mara nyingi kama tano, na mshale huonyesha wastani wa urefu huo wote.

Tuseme una sufuria pana, maziwa yana kina cha sentimita 2 na joto la nyuzi 70, na hewa juu yake ni nyuzi 30. Ukisimamisha mrija humo, sentimita 2 za springi ziko kwenye nyuzi 70 na 3 ziko hewani. Kwa hesabu ya haraka, wastani ni nyuzi 46. Kwa kweli mvuke na chuma chenyewe vitaongeza kidogo, lakini 70 huioni. Mtu anaongeza moto, maziwa yanaungua, kipimajoto kinalaumiwa bure. Kwenye mrija mara nyingi kuna kitundu au alama ndogo inayoonyesha mwisho wa sehemu inayohisi. Izamishe ipite hapo, kisha subiri kama nusu dakika. Ndiyo maana mimi hukitumia kwenye vyungu virefu, lundo la mboji na ndani ya oveni. Hakihitaji betri, na kinastahimili kukaa humo humo.

Kibaya ni kwamba kikidondoka, mshale huhama. Nami nikiokota kilichoanguka, sikiamini mpaka nikipime kwenye barafu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji yafike karibu na juu ya barafu, koroga, acha dakika chache, kisha chomeka bila kugusa kitako. Kinatakiwa kisome 0. Kama kinasoma 4, shika nati iliyo nyuma ya uso kwa spana ndogo, zungusha uso mpaka mshale uwe kwenye 0. Aina zisizo na nati hiyo hazirekebishiki. Andika tofauti ubavuni na uitoe kila unaposoma.

Kwa kimiminika cha kina kifupi au kitu chembamba, nachukua cha kidijitali. Kwenye ncha kuna themista, kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua joto likipanda. Milimita chache za ncha zinatosha, na jibu huja kwa sekunde chache. Usikiache kwenye oveni kama hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, maana plastiki na betri viko hapo hapo juu ya mrija.

Cha spiriti naona kinafaa zaidi kwa hewa, friji na friza. Spiriti huganda kwenye nyuzi 114 chini ya sifuri, wakati zebaki huganda kwenye 39 chini ya sifuri. Kabla ya kusoma, angalia kama uzi mwekundu umekatika. Kipande kilichojitenga juu kitakudanganya kwa nyuzi kadhaa.

Tanuri la nyuzi 800 ni kazi ya themokapo. Waya mbili za metali tofauti huunganishwa kwenye ncha, na tofauti ya joto kati ya ncha na mita huzaa umeme kidogo sana: kwa aina ya K, kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi. Mita hupima joto la pale ilipo na kulijumlisha. Hapo fundi akirefusha waya kwa shaba ya kawaida, hesabu inaharibika. Kama kiungo kiko karibu na tanuri kwenye nyuzi 60 na mita iko kwenye 30, umeme unawakilisha 800 kutoa 60, yaani 740; mita inaongeza 30 na kukuonyesha 770. Tumia waya wa aina ile ile ya K. Ukiona namba zinashuka moto unapopanda, ncha za waya zimegeuzwa kwenye mita.

Kuna hitilafu nyingine ambayo ni ngumu kuigundua. Ganda la waya likiungua katikati na waya zikagusana, pale zinapogusana ndipo panakuwa ncha mpya. Mita itaendelea kusoma bila wasiwasi, tena kwa namba zinazoaminika, lakini ni joto la ukuta wa tanuri. Mimi hufuatisha waya kwa mkono, tanuri likiwa limepoa, kabla ya kila uchomaji mrefu.