Nilivyopiga hesabu ya duka la Masasi kabla ya kulipa

Mzee alitaka milioni 18, "pamoja na kila kitu kilichomo, mwanangu." Duka lenyewe ni fremu moja karibu na soko la Mkuti, Masasi, la vyakula na mahitaji ya nyumbani. Mauzo, alisema, ni milioni 10 kwa mwezi, na faida milioni moja haikosi. Akanionyesha daftari la mauzo na kweli ilikuwa hivyo: Novemba, Desemba, Januari, kila mwezi milioni 10 na chenji.

Wa kusini mnajua tayari tatizo liko wapi. Miezi ile ndiyo hela ya korosho inaingia, na Masasi nzima inanunua. Duka la huku lina miezi michache ya kushiba na mingi ya kubana mkanda. Ukilipima kwa Desemba, umenunua msimu, hujanunua duka.

Nikaomba risiti za manunuzi za miezi 12. Daftari la mauzo mtu anaweza kukaa usiku mmoja akaliandika lote kwa kalamu moja, lakini risiti za jumla zina tarehe na mihuri ya watu wengine. Mzee alikuwa nazo kwenye ndoo, nyingine zimeliwa na panya. Zilizokosekana tulizipata kwa wauzaji wake wa jumla, wawili tu. Miezi mitatu ya msimu alinunua mzigo wa milioni 9 kila mwezi. Miezi tisa iliyobaki ilikuwa wastani wa milioni 3.5. Jumla, kama milioni 58.5 kwa mwaka.

Kisha nikachukua bidhaa 20 zinazotoka sana, nikalinganisha bei ya kununulia na ya kuuzia. Sukari, unga na mafuta ya kula faida yake ni kiduchu. Sabuni, biskuti na vitu vya watoto vina faida nono kidogo. Nikizipa uzito kwa kadiri zinavyotoka, nikapata kama asilimia 14 juu ya bei ya kununulia, yaani faida ghafi ya milioni 8.2 kwa mwaka. Toa pango 1,200,000, umeme 480,000, usafiri wa mzigo 600,000, kodi na leseni na vikorokoro 420,000. Halafu kuna kijana wake anayeuza pale bila mshahara. Mimi nisingempata wa bure, kwa hiyo nikaweka 150,000 kwa mwezi, sawa na 1,800,000. Ikabaki milioni 3.7.

Kutoka milioni 12 kwa mwaka hadi 3.7 ni mbali mno, na mzee hakuwa mwongo wa kiasi hicho. Nikamwuliza daftari la madeni. Akasita kidogo, akalitoa chini ya mizani.

Majina ya wateja upande wa kushoto, kama kawaida. Ila kulia, badala ya shilingi, mistari mingi ilikuwa na kilo: "kilo 25", "kilo 40", "kilo 12 bado". Mtu anakopa unga na sukari wakati wa njaa, anakuja kulipa kwa korosho Oktoba, kwa bei aliyopanga mwenye duka. Hiyo ni kangomba, na imekatazwa. Faida yote iliyopotea kwenye hesabu yangu ilikuwa mle. Mzee hakudanganya kuhusu hela aliyoshika, ila hela ile haikuwa ya duka, na mimi nisingeinunua. Madeni yenyewe nilimwachia, akadai watu wake. Ukinunua deni la mteja aliyekopa kwa mtu mwingine, utalipwa na wale waliokuwa watalipa tu.

Sasa ile milioni 3.7 unaizidisha mara ngapi? Hapo ndipo kwenye kilemba, hela unayolipa juu ya mali kwa ajili ya wateja na mahali. Ukizidisha mara mbili, maana yake unakubali kufanya kazi miaka miwili ndipo urudishe kilemba tu, mzigo bado. Kwa duka ambalo wateja wanamfuata mzee mwenyewe, na fremu ni ya kupanga, mimi sivuki mara moja hadi moja na nusu. Kwa Masasi nilishika mara moja. Waliokuwa na maduka mwaka 2018 watanielewa: serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri, lakini malipo ya wakulima wengi yakachelewa na madaftari ya madeni yakanenepa. Faida inayotegemea zao moja haistahili kuzidishwa kwa ukarimu.

Mzigo tulihesabu Jumapili usiku mlango ukiwa umefungwa, mimi nahesabu, kijana anaandika. Mzee alisema una thamani ya milioni 9. Ilikuwa kweli kwa bei ya kuuzia, na mzigo haununuliwi kwa bei hiyo. Kwa bei ya jumla ya siku ile ilikuwa milioni 7.6. Fungua kila katoni, tafadhali. Nyuma kabisa kulikuwa na katoni sita za juisi zimepangwa vizuri, nne tupu. Vilivyopita muda wa matumizi, vilivyoliwa na panya na vile ambavyo mzee mwenyewe hakukumbuka alivinunua lini vilifika milioni 1.3. Hivyo havipunguziwi bei, vinatolewa. Ikabaki 6.3.

Nikarudi kwa wale wauzaji wa jumla. Mmoja akasema: "Yule ana mzigo wangu wa mali kauli, milioni moja na laki moja." Vitu vilikuwa rafuni, lakini havikuwa vyake kuniuzia. Mzigo halisi ukawa milioni 5.2.

Friji sikuihesabu kabisa. Duka langu la kwanza, Mtwara mjini, nililipia friji kubwa ya vioo, na wiki ya tatu gari likaja kuichukua: ilikuwa ya wasambazaji wa soda, aliyeniuzia aliazimwa tu. Siku hizi naomba karatasi ya friji na kreti kabla hata ya kunywa maji. Mwenye fremu pia nilimfuata mwenyewe, akaniambia anadai pango la miezi miwili, jambo ambalo mzee alisahau kulitaja. Tukakubaliana mzee alilipe, na mkataba mpya uandikwe kwa jina langu. Leseni na TIN nilichukua vyangu. Ukiendelea kuuza kwa karatasi za mwenzako, malimbikizo yake ya kodi yatakugongea mlango wewe uliye ndani. Mke wa mzee naye alikaa kwenye mazungumzo, maana nilitaka kujua kama mzigo umewekwa dhamana ya mkopo wa kikundi. Haukuwekwa, na akasaini hivyo.

Rafu, meza na mizani tulivipa 600,000. Jumla: mzigo 5.2, vifaa 0.6, kilemba 3.7, yaani milioni 9.5. Mzee alikasirika siku mbili, kisha akapiga simu. Nililipa milioni 8 mbele ya wakili, na 1,500,000 nikaishikilia kwa siku 90, ikiandikwa kwamba deni lolote la zamani litakatwa humo.

Siku ya 41 akaja mtu wa vocha na maji ya chupa na kitabu chake, anadai 380,000. Sahihi ilikuwa ya mzee. Nikampigia, akasema, "Huyo nilimsahau kabisa." Siku 90 zilipotimia nikampelekea 1,120,000.